Somo la Pithagorasi kwa kukata miraba ya karatasi: wanafunzi wataigunduaje kanuni badala ya kupanga vipande tu?

Bi_Chaki (#1)
Habari zenu. Ninaandaa somo la dakika 80 kwa wanafunzi wa miaka 13 na 14, na ningependa mnisaidie kabla sijakosea kwa mara ya pili. Mara ya kwanza niliwapa pembetatu mraba yenye pande za sentimita 9, 12 na 15, pamoja na mraba wa 9 na mraba wa 12 ambao nilikuwa nimekwisha kuukata vipande vinne nyumbani. Kazi yao ilikuwa kufunika mraba wa 15 kwa vipande hivyo vitano. Walimaliza kwa dakika kumi, wakafurahi, na mimi nikafurahi nao. Siku mbili baadaye niliwauliza kama pembetatu ya 5, 6 na 8 inaifuata kanuni, na zaidi ya nusu wakajibu ndiyo bila kupima wala kukokotoa chochote. Nilipouliza kwa nini, mmoja alisema, "Kwa sababu ni pembetatu." Tatizo liko wapi: katika vipande, katika maswali yangu, au katika wazo zima la kukata karatasi?

Hesabu_Tamu (#2)
Mwalimu, tatizo ni namba. Ukiwapa 9, 12 na 15 wanadhani mambo hukubali kwa sababu namba zimechaguliwa. Wape karatasi ya vyumba, kila mmoja achore pembetatu yake na ahesabu vyumba. Kuhusu kukata sina wasiwasi hata kidogo, kwa sababu vipande vikiingia bila kubaki nafasi, huo ni uthibitisho uliokamilika na hakuna la kuongeza.

Randa (#3)
Mimi ni seremala, si mwalimu, lakini jambo hili ninalitumia kila wiki. Kupata kona iliyo sawa huhitaji kukata karatasi yoyote. Pima sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, kisha vuta utepe kati ya alama hizo mbili. Ukisoma 100 kamili, kona yako iko sawa. Ukisoma zaidi, kona imefunguka, na ukisoma pungufu, imejifunga. Wafundishe hivyo watakumbuka maisha yao yote.

Bi_Chaki (#4)
Ahsante fundi. Swali langu halikuwa namna ya kupata kona, bali namna ya kuwafanya waione kanuni wenyewe. Hata hivyo, nimeyaandika maneno yako ya "kufunguka" na "kujifunga", kwa sababu nahisi ndiyo yanayokosekana katika jibu la yule aliyesema "kwa sababu ni pembetatu".

Mzee_Bikari (#5)
Bi Chaki, nimefundisha somo hili mara nyingi, na mara nyingi nimelikosea kama ulivyolikosea. Hebu tuanzie kwenye vipande vyenyewe. Ukataji ulioutumia ni wa Henry Perigal, Mwingereza wa karne ya 19 aliyependa jiometri bila kuwa mwalimu wa jiometri. Uzuri wake ni kwamba mistari inayokatwa ni miwili tu: yote miwili hupita katikati ya mraba wa upande wa kati, mmoja ukiwa sambamba na haipotenusi na wa pili ukiukata wa kwanza kwa pembe mraba. Vinapatikana vipande vinne vinavyolingana kabisa kwa umbo na ukubwa.

Sasa jiulize mwanafunzi wako alijua nini kuhusu mistari hiyo. Hakujua chochote, kwa sababu uliikata wewe nyumbani. Uamuzi wote wa kihisabati ulikuwa ndani ya ile mistari miwili, na ulipompa vipande vilivyokwisha kukatwa ulimpa jibu, ukambakizia kazi ya kujaza nafasi. Pembetatu haikuwa na kazi yoyote mezani, ilikuwa pambo. Sishangai kwamba baadaye hakuona tofauti kati ya pembetatu moja na nyingine.

Kuna njia rahisi ya kuwaachia wakate wenyewe bila kuhangaika na usambamba, ambao mikono ya watoto haiuwezi. Tukizichukua namba zako, 12 toa 9 ni 3, na nusu yake ni 1.5. Kutoka katika kila kona ya mraba wa 12, ukizunguka kwa mwelekeo mmoja, pima sentimita 1.5 kwenye upande na utie alama. Utapata alama nne. Unganisha zinazokabiliana. Mistari hiyo miwili ndiyo ya Perigal, na kila mmoja una urefu wa sentimita 15.

Kipepeo_Njano (#6)
Nikiwa mwanafunzi wa ualimu, naomba kupinga kwa heshima. Kwa nini tunamchosha mtoto na vipande vyenye umbo lisilo na jina? Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ikunje kona kwa ulalo, ondoa ukanda unaobaki, na tayari una mraba wa 21, ambao ni 9 kujumlisha 12. Mpe mwanafunzi mraba huo uwe uwanja, na pembetatu nne za 9, 12 na 15. Kwanza aziweke kwenye kona nne, ili katikati ibaki nafasi ya mraba wenye upande wa 15. Kisha azisogeze ziungane mbili mbili kuwa mistatili miwili, na hapo zinabaki nafasi mbili: mraba wa 9 na mraba wa 12. Uwanja ni uleule na pembetatu ni zilezile, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ileile. Hesabu inakubali: 441 toa mara nne ya 54 ni 225, na 81 kujumlisha 144 ni 225. Hapa pembetatu si pambo, ndiyo inayosogezwa.

Mzee_Bikari (#7)
Kipepeo, hoja yako ni nzuri, na kwa uthibitisho safi njia yako inashinda. Swali langu ni moja: mtoto atagundua nini hapo? Pembetatu umemkatia, uwanja umempa, na mipangilio miwili umemwelekeza. Ataona jambo la kweli, lakini litakuwa jambo ulilomwonyesha.

Nukta_Tatu (#8)
Naomba kurudi kwenye #2, kwa sababu pale pamesemwa jambo ambalo si sahihi na linaweza kumponza mwalimu. Vipande kuingia bila kuonekana nafasi si uthibitisho. Chukua mraba wa 8 kwa 8. Ukate kwa mstari mmoja upate mistatili miwili, mmoja wa 8 kwa 3 na mwingine wa 8 kwa 5. Wa kwanza ukate kwa ulalo upate pembetatu mbili. Wa pili ukate kwa mshazari upate trapeza mbili, zenye pande sambamba za 3 na 5. Vipande hivi vinne vikipangwa upya huunda umbo linaloonekana kabisa kuwa mstatili wa 5 kwa 13. Eneo la kwanza ni 64, la pili ni 65. Eneo moja limetoka wapi? Halikutoka popote. Katikati ya ule "mstatili" kuna ufa mwembamba na mrefu wenye eneo la 1, kwa kuwa mshazari wa pembetatu hupanda 3 kwa kila 8 na ule wa trapeza hupanda 2 kwa kila 5. Namba hizo, 0.375 na 0.4, zinakaribiana kiasi kwamba jicho halioni na mkasi unaficha.

Kwa hiyo, mtoto akisema "vimeingia", mwalimu lazima aulize "unajuaje kwamba vimeingia kabisa?"

Hesabu_Tamu (#9)
Nimekata sasa hivi, na kweli 64 imekuwa 65 mezani pangu. Nakubali kuhusu uthibitisho. Ila nasimama pale pale kuhusu namba: bado 9, 12 na 15 ni namba zenye kupendelea.

Mzee_Bikari (#10)
Nukta Tatu ameuliza swali ambalo vipande vya Perigal vinaweza kulijibu vyenyewe, na mtoto wa miaka 13 anaweza kulisema kwa maneno yake. Shika kipande kimoja. Kina pande nne: mbili ni 7.5, ambazo ni nusu za mistari ya kukatia, moja ni 1.5 na moja ni 10.5. Kina pembe mraba mbili zinazokabiliana, moja iliyokuwa kona ya mraba wa zamani na moja iliyokuwa kwenye kitovu chake. Pembe mbili zilizobaki hazilingani, lakini jumla yao lazima iwe nyuzi 180, maana jumla ya pembe za pembenne ni 360.

Sasa sogeza kila kipande bila kukizungusha: cha juu kushoto kiende chini kulia, cha chini kulia kiende juu kushoto, na viwili vingine vivyo hivyo. Pembe zilizokuwa kitovuni zimekuwa kona nne za mraba mpya. Katikati ya kila upande wa mraba huo zinakutana pembe mbili zisizolingana, na kwa kuwa jumla yao ni nyuzi 180, upande umenyooka kabisa. Urefu wake ni 7.5 na 7.5, yaani 15. Ndani, upande wa 1.5 wa kipande kimoja unalala juu ya upande wa 10.5 wa jirani yake, kwa hiyo kinachobaki wazi ni 9. Hapo hapana mahali pa ufa kujificha.

Bi_Chaki (#11)
Nimejaribu jana jioni na watoto wawili wa nyumbani, wa miaka 13 na 15, kwa maelezo ya #5. Mkubwa alifanikiwa. Mdogo alisahau kugawa kwa mbili, akatia alama kwenye sentimita 3 badala ya 1.5, akakata, akasogeza vipande, na akapata mraba mzuri kabisa wenye shimo zuri kabisa katikati. Tatizo ni kwamba mraba wake wa 9 haukuingia shimoni. Alipima shimo akapata 6. Nilikuwa karibu kumwambia arudie, kisha nikajizuia, kwa sababu sikuelewa kwa nini kosa lake limetoa umbo nadhifu namna ile. Nilitarajia vurugu. Mzee Bikari, hii ni bahati?

Mzee_Bikari (#12)
Si bahati, na ahsante kwa kujizuia, kwa maana mtoto huyo amekupa somo lako lote. Alama ukiiweka mahali popote kabla ya katikati ya upande, ilimradi umbali uwe mmoja kwa pande zote nne, vipande vitalingana na vitaunda mraba mkubwa zaidi wenye shimo la mraba. Hoja niliyoitoa katika #10 haikuihitaji 1.5 hata mara moja. Alama ikiwa kwenye 3, pande za kipande ni 3 na 9, shimo ni 9 toa 3, yaani 6. Alama ikiwa kwenye 3.5, shimo ni 5. Alama ikiwa kwenye 1.5, shimo ni 9.

Kwa hiyo ningependekeza ugeuze somo. Usianze na pembetatu. Mpe kila mwanafunzi mraba wa 12 na umruhusu achague umbali wake mwenyewe, kati ya 0 na 6. Akate, ageuze ndani nje, apime shimo na apime upande wa mraba mkubwa. Kisha andikeni matokeo ya darasa zima ubaoni. Aliyechagua 3 ataandika shimo 6 na upande wa karibu 13.4. Aliyechagua 4 ataandika shimo 4 na upande wa karibu 12.6. Aliyechagua 3.5 ataandika 5 na 13, na watu watamwonea wivu kwa namba zake kukubali. Hapo Hesabu Tamu atapata pia alichokitaka: namba zisizopendelea mtu.

Baada ya hapo unauliza swali moja tu: karatasi haikuongezeka wala haikupungua, sasa miraba hii mitatu inahusianaje? Mraba mkubwa ni 144 pamoja na shimo. Kisha swali la pili, ambalo ndilo somo lenyewe: ni wapi pande hizi tatu zinakutana kuwa umbo moja?

Kipepeo_Njano (#13)
Mzee, hapo ndipo siridhiki. Kwamba mraba mkubwa ni sawa na vipande kujumlisha shimo ni jambo ambalo mtoto wa miaka minane angelisema. Hajagundua kanuni, amejumlisha maeneo. Pembetatu iko wapi?

Mzee_Bikari (#14)
Chora mraba wa 12 kabla ya kukatwa, pamoja na mstari mmoja wa kukatia. Mstari huo unaanzia upande wa kushoto na kuishia upande wa kulia. Katika ncha ya chini, chora mstari mlalo hadi upande wa pili. Umepata pembetatu mraba. Mlalo wake ni 12. Mshazari wake ni mstari wa kukatia, ambao vipande vikisogezwa huwa upande wa mraba mkubwa. Wima wake ni 12 toa alama mara mbili, yaani urefu uleule wa shimo. Pembetatu ilikuwa ndani ya karatasi tangu mkasi ulipopita, na hakuna aliyeiona. Mtoto akiivumbua hapo, ameunganisha miraba mitatu na pande tatu. Nakubaliana nawe kwamba kujumlisha ni rahisi. Kugumu ni kuona.

Kipepeo_Njano (#15)
Nimechora. Nimeiona. Bado nasema mtoto mmoja kati ya kumi ataiona bila kuambiwa, na wale tisa watasimuliwa na mwalimu, na kwao litakuwa somo la kusimuliwa kama somo langu la pembetatu nne, ila refu zaidi.

Randa (#16)
Samahani kwa kurudi. Nimesoma yote, na safari hii nadhani nimeelewa swali. Nina wasiwasi na mikono. Sisi huashiria kwa kisu kwa sababu penseli butu ina unene wake, na watoto watatumia penseli butu. Alama ikikosewa kwa milimita moja pande zote, shimo litakosewa kwa milimita ngapi?

Nukta_Tatu (#17)
Swali zuri, fundi. Shimo hukosewa mara mbili ya alama, kwa kuwa alama hutolewa mara mbili. Milimita moja ya penseli ni milimita mbili za shimo, na mraba wa 9 utakwama au utacheza. Kwa maana hiyo, kuingiza mraba wa 9 ni kipimo kikali cha ukataji kuliko kuutazama mraba mkubwa kwa jicho. Mtoto wa Bi Chaki asingegundua kosa lake kwa kutazama. Shimo ndilo lililomwambia.

Kuna kosa lingine linalotoka upande tofauti, na hili linamhusu Bi Chaki moja kwa moja kama bado anataka kuanza na pembetatu iliyochorwa. Mwanafunzi akichora pembe ya nyuzi 88 akidhani ni 90, pande fupi zikiwa 9 na 12, upande wa tatu utakuwa kama 14.75. Pembe ikiwa 92, utakuwa kama 15.25. Vipande vyake, hata hivyo, vitaunda 15 kamili, kwa sababu vipande havijui kitu kuhusu pembe aliyoichora. Mwanafunzi wa nyuzi 88 ataona mraba wa vipande umezidi ule wa pembetatu kwa milimita mbili na nusu, na atalaumu mkasi. Mwalimu apime upande wa tatu kabla mtu yeyote hajashika mkasi. Kona ya karatasi ya A4 ambayo haijakunjamana ni pembe mraba bora kuliko nyingi zinazochorwa kwa kipimapembe.

Bi_Chaki (#18)
Nukta Tatu, sentensi yako kwamba vipande havijui kitu kuhusu pembe imenisimamisha. Inanieleza kwa nini walijibu ndiyo kuhusu 5, 6 na 8. Vipande vyangu viliwafundisha kwamba miraba miwili huungana kuwa mmoja, jambo ambalo ni kweli daima, kwa miraba miwili yoyote. Hakuna kilichowafundisha kwamba huo mmoja ni mraba wa upande wa tatu pale tu pembe inapokuwa mraba.

Randa (#19)
Ndiyo kufunguka na kujifunga nilikosema.

Bi_Chaki (#20)
Ndiyo, fundi, na ninakushukuru. Nimeongeza hatua hii. Kila kundi, likishapata mraba wa 15 kutokana na miraba ya 9 na 12, lipewe pembetatu mbili za ziada: 9, 12 na 13, na nyingine 9, 12 na 17. Kila moja iwe na mraba wa upande wake mrefu. Mraba wao wa 15 utaufunika ule wa 13 na kuzidi, kwa maana 225 ni kubwa kuliko 169. Ule wa 17 hautafunikwa, kwa maana 289 ni kubwa kuliko 225. Nitawauliza pembe imefanya nini katika kila pembetatu. Sitaki hesabu mpaka wawe wameweka karatasi juu ya karatasi. Kisha nitairudisha 5, 6 na 8: 25 na 36 ni 61, na mraba wa 8 ni 64. Pembe imefunguka kidogo tu, na ndiyo maana macho yao yalidanganyika.

Hesabu_Tamu (#21)
Ningependa pia waambiwe kwamba Wamisri walitumia kamba yenye mafundo 12 kupata pembe mraba wakati wa kujenga piramidi, na kwamba Pithagorasi ndiye aliyegundua kanuni kwa kukata miraba. Historia huwavutia.

Nukta_Tatu (#22)
Ndugu, yote mawili yaache. Habari ya kamba ya mafundo 12 inasimuliwa kila mahali, lakini hakuna maandishi ya Misri ya kale yanayoonyesha kwamba kamba ya 3, 4 na 5 ilitumika hivyo. Na hakuna maandishi ya Pithagorasi mwenyewe yaliyobaki, kwa hiyo hatuwezi kusema alikata nini. Lenye ushahidi ni kwamba Wababeli waliijua kanuni zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Kibao cha udongo kinachoitwa Plimpton 322, cha yapata mwaka 1800 kabla ya Kristo, kina orodha ya namba zinazotokana na pembetatu za aina hii. Ukitaka historia yenye kufaa somo, Euklidi aliiweka kanuni na kinyume chake kuwa pendekezo la 47 na la 48 katika kitabu chake cha kwanza. Hilo la 48 ndilo anachokifanya Randa anapovuta utepe: anaanza na pande na kuihukumu pembe.

Mzee_Bikari (#23)
Na wengi wetu hulifundisha la 47 na kulisahau la 48, kisha tunashangaa mtoto anaposema kila pembetatu inakubali.

Bi Chaki, mgawanyo wako wa muda ukoje? Ukataji hula dakika kuliko unavyodhani. Kwa uzoefu wangu kupima, kutia alama na kukata mraba mmoja vizuri huchukua robo saa, na ukiwaruhusu waharakishe utapata milimita za fundi.

Bi_Chaki (#24)
Nimepanga hivi kwa sasa. Dakika 20 za kwanza, kila mmoja anakata mraba wa 12 kwa umbali anaouchagua, isipokuwa kwamba katika kila kundi la watu wanne nitamwomba mmoja achague 1.5 na mmoja 3.5. Watapewa miraba miwili ya 12 kila mmoja, na mmoja hautakatwa, ili wachore mistari yao juu yake na wabaki na picha ya mwanzo wakati vipande vimehama. Dakika 15 zinazofuata ni za kupima na kuandika ubaoni. Dakika 20 ni za kuitafuta pembetatu kwenye ule mraba ambao haukukatwa. Zilizobaki ni za pembetatu za 13 na 17, na ile ya 5, 6 na 8 kama swali la kutokea.

Pembetatu nne za Kipepeo nitaziweka kipindi kinachofuata, kwa uthibitisho. Sijaamua kama huo ndio mpangilio bora, au kama angepaswa kutangulia yeye.

Kipepeo_Njano (#25)
Mraba wa pili usiokatwa umenibadilisha kidogo. Labda sasa wataiona watatu kati ya kumi. Bado ningetanguliza pembetatu, kwa kuwa kanuni ni ya pembetatu, na mtu anayetafuta kitu afadhali ajue anatafuta nini.

Mzee_Bikari (#26)
Nami bado ningeichelewesha, kwa sababu iliyo kinyume: ukimwambia anatafuta pembetatu, ataipata kwa dakika moja na hatakumbuka ilikuwa imejificha.

Hesabu_Tamu (#27)
Swali dogo. Itakuwaje mtoto akichagua 6 yenyewe, katikati kabisa?

Nukta_Tatu (#28)
Atapata miraba minne ya 6. Akiisogeza atarudishiwa mraba wa 12, bila shimo. Na anayechagua 0 atakata kwenye ulalo, atapata pembetatu nne na shimo la 12, na mraba wake mkubwa utakuwa na eneo la 288, mara mbili ya aliloanza nalo. Bi Chaki, usiwazuie wanaochagua hizo mbili. Wa 6 atalalamika kwamba kwake hakuna kilichotokea, nawe umwombe atafute pembetatu yake iko wapi.

Bi_Chaki (#29)
Na iko wapi?

Nukta_Tatu (#30)
Wima wake ni 12 toa 12. Imelala chini, Mwalimu. Mlalo na mshazari wake vimekuwa mstari mmoja.

Bi_Chaki (#31)
Basi kila kundi litakuwa na mtu wa 6 pia. Nitafundisha Alhamisi na nitarudi hapa na orodha ya ubaoni jinsi walivyoiandika, pamoja na makosa yake.